Hati ya ubora wa paneli za zege

Hati ya ubora wa paneli za zege ni maandishi ya kiufundi yanayoeleza jinsi paneli za zege zilizomwagwa kiwandani zinavyopaswa kupimwa, kunyanyuliwa, kuhifadhiwa, kusimamishwa na kuunganishwa kwenye jengo. Paneli hizo ni kuta au sakafu nzima ambazo hazimwagwi mahali zitakapokaa, bali humwagwa katika kalibu za chuma, huachwa zikauke, kisha husafirishwa kwa lori hadi kwenye eneo la ujenzi na kupandishwa kwa kreni.

Jengo la namna hii hutegemea mahali paneli zinapokutana. Katika ukuta wa kawaida wa zege, nondo na zege huendelea bila kukatika kutoka ghorofa hadi ghorofa. Katika ukuta wa paneli kila ghorofa ina mkato, na mkato huo hujazwa kwa mkono. Kosa likifanyika hapo hufunikwa siku hiyohiyo na halionekani tena, na hiyo ndiyo sababu ya kuwa na hati.

Makala hii inafuata paneli moja ya mfano: ukuta wenye urefu wa mita 6, kimo cha mita 3 na unene wa milimita 150, usio na dirisha wala mlango.

## Muundo wa hati

Kwa kawaida hati huwa na michoro ya kila paneli, mipaka ya vipimo na jedwali la ukaguzi. Jedwali ndilo linalotumika kila siku. Kila mstari wake hutaja hatua moja ya kazi, kitu kinachokaguliwa, kipimo kinachokubalika, mtu anayekagua na karatasi inayobaki kama ushahidi.

Baadhi ya mistari huwa ni vituo vya kusubiri. Kazi ikifika hapo haiendelei mpaka mkaguzi atie sahihi. Vituo huwekwa kabla ya jambo linalofunika kosa: kabla ya kumwaga zege juu ya nondo, kabla ya kunyanyua paneli kwa mara ya kwanza, kabla ya kuishusha juu ya nondo zinazochomoza, kabla ya kujaza viungo, na kabla ya kuondoa mihimili inayoegemeza ukuta.

Kila paneli hupewa namba yake, ambayo huandikwa kwenye paneli yenyewe pamoja na tarehe ya kumwagwa, uzito na alama ya upande wa juu. Namba hiyo hurudiwa katika kila karatasi, ili baada ya miaka mtu aweze kujua ni mchanganyiko upi wa zege uliotumika katika ukuta fulani wa ghorofa fulani.

## Tofauti za vipimo zinazoruhusiwa

Hakuna paneli inayotoka kiwandani ikiwa na vipimo kamili kama vya mchoro. Kalibu hutanuka kidogo, zege hujikunja likikauka, na fundi hukosea milimita chache. Kwa hiyo hati hutaja tofauti inayoruhusiwa. Kwa paneli ya mfano inaweza kusema kwamba urefu usizidi wala kupungua kwa zaidi ya milimita 6.

Kipimo hicho hakichaguliwi ovyo. Hutokana na upana wa kiungo kati ya paneli mbili. Tuseme mchoro unataka pengo la milimita 20. Ikiwa paneli zote mbili zimezidi urefu kwa milimita 6, kila moja itaingia kwenye pengo kwa milimita 3, kwa sababu nusu nyingine ya ziada iko upande wake wa pili. Tena tuseme kila paneli imewekwa milimita 5 nje ya mahali pake, zote zikisogeleana. Pengo la milimita 20 limepoteza 6 na 10, na linabaki milimita 4. Katika mwanya huo hakuna rojo la saruji litakalopita vizuri.

Makosa yote kukutana upande mmoja kwa pamoja ni nadra. Wahandisi huyajumlisha kwa kipeuo: kila kosa huzidishwa kwa lenyewe, majibu hujumlishwa, kisha hutafutwa kipeuo cha pili cha jumla.

```
√(3² + 3² + 5² + 5²) = √68 ≈ 8.2 mm
```

Kwa hesabu hiyo pengo kwa kawaida halitapungua chini ya milimita 12 hivi, upana ambao bado unafaa kwa kazi. Hati nzuri huonyesha hesabu hii, kwa sababu msimamizi akiiona anaelewa kwa nini paneli iliyozidi milimita 10 hairuhusiwi kupelekwa kwenye jengo ingawa kwa macho ni nzuri kabisa.

Kosa la hatari zaidi kwa vipimo hutokea kwenye jengo. Mafundi wakipima kila paneli kutoka ukingo wa ile iliyotangulia, makosa hurundikana. Paneli 8 zilizozidi milimita 6 kila moja zitasukuma ya mwisho karibu milimita 50 nje ya mahali pake. Kwa hiyo hati huagiza kwamba kila paneli ipimwe kutoka mistari mikuu iliyochorwa sakafuni na mpimaji, si kutoka kwa jirani yake. Kila pengo basi humeza kosa lake lenyewe.

Mbali na urefu na kimo, hupimwa pia mishazari miwili ya paneli. Ikitofautiana, paneli haina pembe mraba hata kama pande zote ni sahihi. Unene wa zege linalofunika nondo huangaliwa kabla ya kumwaga, kwa kuhakikisha vikalio vinavyoinua nondo kutoka kwenye kalibu vipo na havijalala.

## Nanga za kunyanyulia

Nanga ni vipande vya chuma vinavyozikwa ndani ya zege ili ndoano ya kreni ipate pa kushika. Kila nanga huwa na uzito wa juu inaoruhusiwa kubeba, na mtengenezaji wake hutaja umbali wake kutoka kingo, nondo za ziada zinazopaswa kuizunguka na nguvu ya chini ya zege wakati wa kunyanyua.

Paneli ya mfano ina ujazo wa mita za ujazo 2.7. Zege lenye nondo likihesabiwa kuwa tani 2.5 kwa kila mita ya ujazo, uzito ni tani 6.75. Haraka haraka mtu angesema nanga mbili za tani 4 zatosha. Hazitoshi, kwa sababu mbili.

Kwanza, kreni haivuti kwa utulivu kamili. Mzigo ukianza kupanda au ukisimama ghafla, nguvu huongezeka. Wahandisi huzidisha uzito, kwa mfano kwa 1.3, na hapo tani 6.75 huwa karibu 8.8, yaani 4.4 kwa kila nanga. Pili, minyororo hainyooki wima bali hukutana juu kwenye ndoano. Kadiri inavyotanuka, ndivyo kila mnyororo unavyovuta kwa nguvu zaidi. Pembe kati ya minyororo miwili ikiwa digrii 60, nguvu huzidishwa kwa 1.155 na kufika tani 5.1. Ikiwa digrii 90, ni tani 6.2. Ikiwa digrii 120, kila mnyororo hubeba tani 8.8, mzigo mzima peke yake.

Kwa hiyo nanga ya tani 5 haitoshi hata kwa pembe nzuri ya digrii 60, na mbunifu atachagua ya tani 7.5. Lakini nanga hiyohiyo itazidiwa mafundi wakitumia minyororo mifupi inayotanuka hadi digrii 120. Ndiyo maana hati haitaji aina ya nanga tu, bali pia urefu wa chini wa minyororo. Kwa nanga zilizo mita 3 mbalimbali, mnyororo wa mita 3 hutoa pembe ya digrii 60 barabara, kwa kuwa pande tatu zinakuwa sawa. Fundi anaweza kukagua jambo hilo kwa utepe, bila hesabu yoyote.

Jambo lingine ni umri wa zege. Kiwanda hutaka kuachia kalibu mapema ili imwagwe tena kesho. Watengenezaji wengi wa nanga hutaka zege liwe limefikia angalau nyutoni 15 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kunyanyuliwa. Nguvu hiyo hupimwa kwa kuvunja vipande vya mchemraba vilivyomwagwa kutoka mchanganyiko uleule. Vipande hivyo lazima vilale usiku kucha kando ya paneli. Vikiwekwa mahali penye joto zaidi vitakomaa haraka kuliko paneli, na jibu la maabara litakuwa la uongo ingawa mashine haikukosea. Jibu likiwa 12, paneli inabaki kwenye kalibu.

Paneli zilizomwagwa zikiwa zimelala huinuliwa vizuri zaidi kwa meza inayoinama, ambayo huisimamisha karibu wima kabla kreni haijavuta. Pasipo meza hiyo, paneli huvutwa kwa ukingo mmoja huku mwingine ukibaki chini. Wakati huo nanga huvutwa kwa ubavu badala ya kuvutwa moja kwa moja, nayo inaweza kupasua ukingo mwembamba wa zege. Kazi hiyo inahitaji nanga maalumu na nondo za ziada kandokando yake. Ufa unaoanzia kwenye nanga ni ishara kwamba ukingo umeanza kupasuka. Paneli huwekwa kando mpaka mhandisi aione, na hainyanyuliwi kwa kujaribu.

## Kuhifadhi

Paneli za ukuta huhifadhiwa zikiwa zimesimama, zikiegemea fremu yenye umbo la herufi A kwa mwinamo wa digrii 10 hivi. Ukuta umetengenezwa kubeba mzigo kutoka juu kwenda chini. Ukilazwa, uzito wake mwenyewe unaweza kuupasua katikati. Fremu hupakiwa na kupakuliwa pande zote mbili kwa zamu, kwani ikielemewa upande mmoja inaweza kupinduka.

Chini ya paneli huwekwa mbao mbili, si tatu. Ardhi ikididimia kidogo chini ya mbao za pembeni, ile ya katikati hubaki juu, paneli huning'inia juu yake na hupata ufa unaoanzia ukingo wa juu. Kwa mbao mbili paneli huinama tu bila kuvunjika. Paneli za sakafu, ambazo hulazwa, hufuata kanuni hiyohiyo, na mbao za kila tabaka hupangwa wima moja juu ya nyingine. Mbao zikipishana, uzito wa rundo zima hupita katikati ya paneli ya chini.

Matundu ya nanga na mashimo ya kuingiza nondo hufungwa kwa vifuniko vya plastiki. Mchanga au maji yakiingia shimoni, rojo la saruji litakalomiminwa baadaye halitashika kuta za shimo.

## Kusimamisha

Kabla paneli haijashushwa, nondo zinazochomoza kutoka ghorofa ya chini hupimwa moja moja. Nondo hizo zinapaswa kuingia katika mashimo yaliyoachwa chini ya paneli. Moja ikiwa nje ya mahali pake, paneli haitashuka, na hapo ndipo kishawishi kikubwa hutokea: kreni imesimama hewani, saa inahesabiwa kwa fedha, na kukata nondo kwa msumeno ni kazi ya dakika moja. Baada ya paneli kukaa hakuna atakayeona. Kwa sababu hiyo hati huweka kituo cha kusubiri kabla ya kreni kuitwa. Nondo huhesabiwa, hupimwa kutoka kwenye mistari mikuu na kupigwa picha zikiwa na utepe kando yake. Iliyo nje ya mahali hurekebishwa kwa maelekezo ya mhandisi, na kukata au kupinda bila idhini yake hukatazwa waziwazi.

Paneli hukalia vipande vidogo vya plastiki ngumu au chuma vilivyopangwa sehemu mbili na kusawazishwa kwa pimamaji, ili pengo la milimita 20 hivi libaki chini yake. Kisha hushikiliwa kwa mihimili miwili ya mshazari, kila mmoja ukifungwa kwenye ukuta juu na kwenye sakafu chini, na ukuta hunyooshwa kwa timazi. Ndoano ya kreni haifunguliwi mpaka mihimili yote miwili ifungwe. Muhimili mmoja hautoshi, kwani upepo unaweza kuizungusha paneli. Upepo wa mita 14 kwa sekunde husukuma kila mita ya mraba kwa nyutoni 120 hivi. Kwa ukuta wa mita za mraba 18 hiyo ni zaidi ya uzito wa kilo 200 ukisukuma ubavuni.

## Kujaza viungo

Mpaka hapa uzito wote wa ukuta, na wa ghorofa zitakazofuata, unakalia vipande viwili vidogo. Rojo la saruji ndilo linaloueneza kwenye urefu wote wa mita 6. Hutumika rojo lisilosinyaa, ambalo huuzwa likiwa unga kwenye mifuko na huchanganywa kwa maji yaliyopimwa.

Uso wa zege husafishwa na kuloweshwa, lakini maji yaliyotuama huondolewa. Zege kavu lingefyonza maji ya rojo, na rojo lingeganda kabla ya kufika mwisho. Kingo za pengo hufungwa kwa mbao au kamba ya sponji. Rojo humiminwa kutoka upande mmoja tu mpaka litokee upande wa pili. Likimiminwa kutoka pande zote mbili, hewa hufungiwa katikati na kuacha uvungu. Mashimo ya nondo hujazwa mpaka rojo litoke kwenye mrija wa juu.

Kwenye joto rojo huanza kukaza baada ya muda mfupi. Mafundi wengine huliongezea maji ili lilegee tena. Rojo la namna hiyo hupoteza nguvu na husinyaa, likiacha ufa mwembamba chini ya ukuta. Dawa yake ni kuchanganya kidogo kidogo, kutumia maji baridi na kufanya kazi asubuhi; lililokaza hutupwa.

Njia rahisi ya kujua kama kiungo kimejaa ni kuhesabu mifuko. Pengo la mita 6 kwa milimita 150 kwa milimita 20 lina ujazo wa lita 18. Tuseme kuna mashimo manne yenye kipenyo cha milimita 60 na kina cha milimita 600. Baada ya kuondoa nafasi ya nondo, kila moja linahitaji lita 1.5 hivi, yaani lita 6 kwa yote. Jumla ni lita 24. Mfuko wa kilo 25 hutoa karibu lita 13 za rojo, hivyo ukuta huu unahitaji mifuko miwili bila kubaki kitu cha maana. Karatasi ya siku hiyo ikionyesha mfuko mmoja kwa ukuta mmoja, au mifuko 10 kwa kuta 8, kuna uvungu mahali fulani. Mkaguzi hahitaji kuvunja chochote ili ajue hilo, bali atahitaji kutoboa matundu madogo na kuchungulia ili ajue uvungu uko wapi.

Mihimili huondolewa baada ya vipande vya mchemraba vya rojo kuonyesha nguvu inayotakiwa na baada ya ukuta kufungwa na sakafu ya juu yake. Idadi ya siku pekee haitoshi kuwa kipimo.

## Mfano wa Ronan Point

Ronan Point lilikuwa jengo la ghorofa 22 mashariki mwa London, Uingereza, lililojengwa kwa paneli za zege kwa mfumo wa Larsen-Nielsen kutoka Denmark. Asubuhi ya tarehe 16 Mei 1968, takriban miezi miwili baada ya wakazi kuanza kuhamia, gesi ililipuka katika jiko la ghorofa ya 18. Mlipuko uliusukuma nje ukuta wa pembeni. Ghorofa zilizokuwa juu zilikosa cha kukalia na kuporomoka, na uzito wake ukazivunja sakafu za kona hiyo hadi chini. Watu 4 walikufa na 17 walijeruhiwa.

Uchunguzi wa serikali ulionyesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa la usanifu: jengo halikuwa na njia nyingine ya kupitisha mzigo baada ya ukuta mmoja kuondoka. Kanuni za ujenzi za Uingereza zilibadilishwa mwaka 1970 ili majengo marefu yasiporomoke kupita kiasi kwa sababu ya tukio dogo.

Kona iliyoanguka ilijengwa upya na watu wakaendelea kuishi humo. Mwaka 1986 jengo lilibomolewa kwa kufunguliwa ghorofa moja moja, na viungo vikaonekana wazi. Chini ya kuta nyingi mota haikuwa imejaza pengo, na uzito ulikuwa ukikalia skrubu za kusawazishia badala ya kuenea kwenye urefu wa ukuta. Ndani ya baadhi ya viungo kulikutwa magazeti na takataka mahali palipopaswa kuwa na mota. Wakazi walikuwa wameishi juu ya viungo hivyo kwa miaka mingi.